Patografu: X ya kwanza ndiyo saa, na saa hiyo hairudishwi nyuma

Wanafunzi wa ukunga wakiletwa leba kwangu huwa nawauliza swali moja kabla hawajagusa karatasi: mstari wa hatua unachorwa lini? Wengi hujibu, "Mama akichelewa." Jibu hilo si sahihi, na makosa mengi ya patografu, ile grafu ya kufuatilia mwendo wa uchungu, huanzia hapo. Mstari wa hatua hauchorwi na mtu, umeshachapwa kwenye fomu. Kazi yako ni kuweka X ya kwanza, alama ya mlango wa kizazi ulivyofunguka, mahali pake, kujua mapema mstari huo utakutana na mama huyu saa ngapi, na kuandika na kupiga simu saa hiyo ikifika au kabla yake.

Mwongozo huu unahusu fomu ambayo bado ipo kwenye leba nyingi za Tanzania, ile ya Shirika la Afya Duniani iliyorekebishwa mwaka 2000, inayoanzia sentimita 4. Fomu mpya nitaigusa mwishoni.

Mistari miwili, na zile saa nne katikati

Mstari wa kushoto ni wa tahadhari. Unaanzia sm 4 na kupanda sentimita moja kila saa mpaka 10. Wa kulia ni wa hatua. Unapanda vivyo hivyo, ila umesogezwa saa nne mbele.

Hizo saa nne zina asili yake. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Harare wakati nchi ikiitwa Rhodesia, walikuwa na hospitali kubwa moja mjini na wakunga kwenye vituo vya pembeni ambavyo havikuwa na chumba cha upasuaji. Mstari wa tahadhari ulimwambia mkunga wa pembeni aanze safari. Saa nne zilizobaki zilikuwa za kutafuta gari, barabara, na mama kupokelewa kabla hajafika kwenye mstari wa pili. Kwa hiyo ukiwa zahanati au kituo kisicho na upasuaji, mstari wako wewe ni ule wa kwanza. Wa pili ni wa hospitali. Nimeona wakunga wazuri kabisa wakimshikilia mama kituoni "mpaka afike mstari wa hatua", na gari linapowasha injini saa zote nne zimeshaliwa.

Kuweka X ya kwanza

Usifungue grafu kabla mlango wa kizazi haujafika sm 4 na uchungu haujawa wa mpangilio. Mama wa sm 3, au wa sm 4 anayepata uchungu mmoja ndani ya dakika 10 na kucheka katikati, bado. Ukimwanzishia grafu atavuka mistari akiwa hana tatizo lolote, na mtu anaweza kumfanyia upasuaji kwa sababu ya karatasi.

Akishafika, X ya kwanza inakaa juu ya mstari wa tahadhari kwenye sentimita uliyoipima. Kama amekuja na sm 4, weka kwenye 4. Kama amekuja na 6, fuata mstari mpaka kwenye 6, weka X hapo, na chini yake moja kwa moja andika saa uliyompima. Usiirudishe pembeni kushoto kwa sababu tu ndiyo kwanza amefika.

Sasa saa yenyewe. Andika kwa mfumo wa saa 24. Sisi tunasema "saa tano asubuhi" na kila aliye chumbani anaelewa. Lakini kwenye kituo kimoja nilichofanya kazi zamani tulimpeleka mama na fomu ya rufaa iliyoandikwa "X ya kwanza saa 5", aliyepokea akaisoma 05:00, na ghafla mama akaonekana ameumwa saa sita zaidi ya ukweli. Safari hiyo kosa liliangukia upande wa haraka, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Fikiria lingeangukia upande mwingine. Andika 11:00.

Kisha fanya hesabu ndogo ambayo fomu haikuambii uifanye. Chukua saa ya X ya kwanza, ongeza idadi ya sentimita zilizoongezeka tangu hapo, ongeza nne. Hiyo ndiyo saa ambayo mstari wa hatua unapita kwenye sentimita aliyonayo mama sasa. Mimi huiandika kwa kalamu pembezoni kila baada ya kupima njia, kwa mfano kwa aliyeanza na sm 4 saa 05:00: "Hatua kwa sm 6: 11:00." Anayepokea zamu haanzi kuhesabu vijisanduku na miwani.

Kinachojazwa katikati

Njia hupimwa kila saa nne, na mapema zaidi kukiwa na sababu. Kila mara pima kwanza kichwa cha mtoto kwa mkono juu ya tumbo, kwa sehemu za tano, uweke O kwenye grafu hiyohiyo. O isidharauliwe. Mlango ukifunguka huku kichwa kimebaki 4/5 juu ya nyonga, X zitaonekana nzuri na O itakuambia mtoto hateremki.

Mapigo ya moyo wa mtoto, uchungu na mapigo ya mama huandikwa kila nusu saa. Joto kila saa mbili, presha kila saa nne. Uchungu unahesabiwa kwa dakika 10 kamili, mkono ukiwa tumboni, na muda wake unaonyeshwa kwa namna ya kujaza vijisanduku: nukta kama haufiki sekunde 20, mistari ya mshazari kama ni 20 hadi 40, rangi nzima kama umezidi 40. Hapa ndipo uvivu unapojificha. Vijisanduku vilivyojazwa kwa mtindo mmoja tangu alfajiri hadi adhuhuri, kalamu moja, mgandamizo mmoja, hakika vimejazwa mtu akiwa ameketi mezani. Na siku mama akivuka mstari, swali la kwanza la daktari litakuwa je, uchungu unatosha? Karatasi hiyo haitamjibu.

X ikidondoka kulia kwa mstari wa tahadhari

Nifuate mama mmoja wa mfano, mimba ya kwanza, amekuja kituo cha afya kisicho na upasuaji. Saa 11 alfajiri, yaani 05:00, ana sm 4, kichwa 4/5, uchungu mitatu ndani ya dakika 10 wa sekunde 30 hivi, chupa haijapasuka, moyo wa mtoto 140. X imekaa kwenye sm 4 juu ya mstari, 05:00 chini yake.

Saa 09:00 anapimwa tena: sm 6, kichwa bado 4/5, uchungu vilevile, mtoto yuko vizuri. Kwa mstari wa tahadhari angekuwa na sm 8. X yake imedondoka kulia kwa saa mbili. Hesabu: 05:00, ongeza 2, ongeza 4. Mstari wa hatua kwa sm 6 ni 11:00.

Kuvuka mstari wa tahadhari si ugonjwa. Wanawake wengi hufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa na huzaa salama, na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yalisema wazi kwamba mwendo huo peke yake usiwe sababu ya kuingilia uchungu. Kwa hiyo hakuna anayesema mama huyu akapasuliwe. Swali la mkunga wa kituo ni kama pale alipo mama pana uwezo wa kumsaidia iwapo mwendo hautabadilika. Hapana. Hospitali ya wilaya iko mbali kwa saa moja na nusu au zaidi, na kichwa hakijateremka. Simu inapigwa saa hiyohiyo ya 09:00. Angekuwa na sm 9 na kichwa kiko chini, ningefikiri mara mbili, maana anaweza kuzalia njiani.

Chupa usiipasue kabla ya safari eti "kusaidia". Kichwa kikiwa 4/5 kuna nafasi ya kitovu kuteleza mbele ya mtoto, na ndani ya gari hutakuwa na la kufanya. Wala usimsafirishe na oksitosini inadondoka. Mwekee njia ya dripu, alale kwa ubavu wa kushoto, mkunga aende naye na kifaa cha kusikilizia mapigo, na mapigo yaendelee kuandikwa njiani.

Simu nayo ina namna yake. Usianze na historia ya kliniki.

"Dokta, nina mama wa mimba ya kwanza, X ya kwanza 05:00 kwa sm 4. Sasa 09:00 ana sm 6, kichwa 4/5, amevuka mstari wa tahadhari. Mtoto 140, chupa nzima, presha 120 kwa 70. Mstari wa hatua kwake ni 11:00. Tunaondoka baada ya nusu saa."

"Sawa sista, mlete. Njoo na patografu yenyewe."

Neno hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote.

Karatasi inasafiri na mama

Kosa linalonikera kuliko mengine yote linatokea mapokezi ya hospitali. Mama anashushwa, anapimwa, kisha mtu anavuta fomu mpya safi na kuweka X juu ya mstari wa tahadhari, kana kwamba uchungu umeanza alipovuka geti. Mama wetu amefika 11:20, amepimwa 11:30, bado ana sm 6. Kwenye fomu mpya mstari wa hatua kwa sm 6 utakuwa 15:30. Kwenye fomu yake ya kweli ulikuwa 11:00. Saa nne na nusu zimefutwa kwa karatasi moja, na leba nzima itakaa imetulia ikiamini mama ndiyo kwanza anaanza.

Endeleza fomu ileile. Kama imelowa au imebaki kituoni, piga simu usomewe X na saa zake, uzihamishie zote kwenye fomu mpya ukianza na ya kwanza, na uandike juu kwamba umehamisha na umezipata kwa nani. Hali ni hiyohiyo kwa mama anayehamishwa kutoka kitanda hadi kitanda zamu inapobadilika.

Kwenye mstari wa hatua

X ikigusa mstari wa hatua au ikiangukia kulia kwake, weka X kwa uaminifu palepale ilipo, kisha andika pembeni mambo manne: umeona saa ngapi, umemwita nani saa ngapi, amefika saa ngapi, ameamua nini. Kwa mama wetu imeandikwa hivi:

"11:30, sm 6, amevuka mstari wa hatua. Dokta wa zamu ameitwa 11:32, amefika 11:45. Uamuzi: chupa ipasuliwe, oksitosini, kupima tena 13:30." Na sahihi.

Daktari asipopokea, andika hivyo pia na upige kwa anayefuata. Mimi hungoja dakika 15, siongezi.

Hatua si jina lingine la upasuaji. Daktari anatafuta jibu la swali moja: mlango haufunguki kwa sababu nguvu ya uchungu ni ndogo, au kwa sababu mtoto hapiti? Anahesabu uchungu, anapima kichwa tumboni, anagusa mifupa ya kichwa kuona kama imepandana. Kichwa kilichoteremka, mifupa iliyogusana tu bila kupandana, na uchungu miwili au mitatu mifupi ndani ya dakika 10, humwelekeza kwenye nguvu. Kichwa kilichokwama juu, mifupa iliyopandana isiyoachana ukiisukuma, yaani zile alama tatu za kujumlisha kwenye fomu, huku uchungu ni mkali, ni njia iliyoziba. Huyo anakwenda upasuaji, na oksitosini kwake ni hatari.

Kwa mama aliyekwisha kuzaa nina tahadhari ya ziada. Aliyepitisha watoto watatu, ana uchungu mzuri wa zaidi ya sekunde 40, kisha amesimama kwenye sm 7, mchukulie ameziba mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Kizazi chake kinaweza kupasuka ukikiongezea nguvu. Mwenye kovu la upasuaji ndiyo kabisa, hakupaswa kusubiri mstari wowote mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Mama wetu alikuwa na kichwa 3/5, mifupa imegusana tu, uchungu miwili hadi mitatu wa sekunde 30. Chupa ilipasuliwa baada ya kuangalia majibu ya kipimo cha VVU kwenye kadi yake, maji yakatoka meupe, ikaandikwa C. Oksitosini ikaanzishwa kwa dozi ya mwongozo wa wodi, na mkunga akakaa naye, kwa sababu dripu ya oksitosini haiachwi peke yake. 13:30 ana sm 8. Ukiangalia grafu, X hiyo bado iko kulia kwa mstari wa hatua, uliopita kwenye sm 8 saa 13:00, na mwanafunzi mmoja akashtuka kwamba amevuka tena. Hajavuka tena. Akishavuka, unachotazama ni mteremko kati ya X ya kabla ya tiba na ya baada yake: sentimita mbili ndani ya saa mbili, kichwa kimeshuka hadi 2/5. 15:30 njia imefunguka yote, 16:10 mtoto amelia. Ile ya 13:30 ingekuwa bado sm 6, angekwenda chumba cha upasuaji.

Yasiyongoja mstari

Mistari inasoma kufunguka kwa njia tu. Mama anaweza kuwa kushoto kabisa, X zimenyooka kama rula, na mtoto anakufa. Mapigo chini ya 110 au juu ya 160, sikiliza tena dakika nzima mara baada ya uchungu kuisha, mlaze mama ubavu, funga oksitosini kama ipo. Yakibaki hivyo, ita. Maji ya kijani mazito, M kwenye fomu, ita. Damu mbichi, ita. Presha 160 kwa 110 au zaidi, ita na uanze matibabu yake. Uchungu unaozidi mitano ndani ya dakika 10, funga oksitosini kwanza, kisha ita.

Niliwahi kuwa kwenye wodi ambako X za mama mmoja zilikaa juu ya mstari wa tahadhari, nadhifu kupita kiasi, na safu ya mapigo ya mtoto ilikuwa tupu kwa saa tatu. Usiku ule tulikuwa wawili kwa vitanda saba. Baada ya kuzaa mwenzangu alishika kalamu ajaze, nami sikumzuia. Siku hizi nikikuta pengo naliacha pengo, naandika pembeni "haikupimwa 02:00 hadi 05:00, wakunga wawili, vitanda saba". Karatasi hiyo ndiyo inayompa mganga mfawidhi sababu ya kuongeza mtu wa zamu.

Fomu mpya

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu nyingine isiyo na mistari hii miwili. Inaanzia sm 5, na badala ya mstari ina muda wa kila sentimita. Ukikaa sm 5 kwa saa 6, unazungushia duara na kuchukua hatua. Sm 6 ni saa 5, sm 7 saa 3, sm 8 saa mbili na nusu, sm 9 saa 2. Mama wetu, aliyekuwa na sm 6 saa 09:00, angefikia kikomo saa 14:00 badala ya 11:00, na zile saa zake za sm 4 zisingehesabiwa kabisa. Kwa hiyo usichanganye fomu mbili kwa mama mmoja, na ukipokea rufaa, tazama kwanza kituo alikotoka kinatumia ipi. Umbali wa kwenda hospitali haupo kwenye fomu yoyote kati ya hizo; huo unaujumlisha mwenyewe.